Kosa Lisiguswe

Mwalimu anaingia steshenari mjini Mwanza na bahasha yenye karatasi za zoezi la hesabu la Darasa la Nne. Nyingine zimekunjika, nyingine zina alama za mafuta, karibu zote zimefutwafutwa kwa raba. Anaomba zichapwe vizuri kwa sababu kesho ana kikao na walimu wenzake wa hesabu, na mle ndani kuna jambo anataka walione. Kijana wa steshenari anafanya kazi nzuri kweli: fonti moja, mistari imenyooka, namba zimepangwa. Jioni mwalimu anafungua kazi yake na kukuta watoto wote wamepata.

Haikuwa hila. Kijana yule kutwa nzima huchapa barua za maombi ya kazi, wasifu na mialiko ya harusi, na kwenye kazi hizo kurekebisha makosa ya mteja ni sehemu ya huduma. Alipoona 503 − 278 = 375 aliona kosa, akalirekebisha. Hakuna aliyemwambia kwamba safari hii kosa ndilo mzigo wenyewe, na kwamba usafi uliotakiwa ni wa karatasi, si wa majibu.

Sura hii inahusu kazi hiyo ndogo inayoharibika kirahisi: kuchapa upya zoezi lililochafuka huku majibu mabovu ya mwanafunzi yakibaki kama alivyoyaandika. Taasisi inayoifahamu vizuri thamani ya majibu hayo iko hapa hapa nchini. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila swali. Anayezifungua hukuta, katikati ya maelezo, vipande vya karatasi za watahiniwa vilivyopigwa picha kwa mwandiko wao wenyewe: kimoja cha aliyejibu vizuri, kingine cha aliyekosea, bila jina. Baraza halichapi upya jibu la mtoto. Linalionyesha.

Basi kwa nini mwalimu wa Igoma au Sengerema asipige picha kwa simu, yakaisha? Mara nyingi picha inatosha, na popote inapowezekana ibaki pembeni kama ushahidi. Lakini penseli iliyofifia haionekani ikitolewa kopi. Mwandiko humtambulisha mtoto hata jina likikatwa, hasa kwa walimu wa shule hiyo hiyo. Kompyuta ya mwalimu asiyeona haimsomei kwa uhakika mwandiko ulio kwenye picha, na hilo si jambo la kufikirika tu katika mkoa wenye Shule ya Msingi Mitindo, Misungwi, inayopokea watoto wasioona. Tena darasa la watoto 80 si ajabu huku kwetu. Picha 80 haziwezi kupangwa wala kulinganishwa swali kwa swali. Maandishi yaliyochapwa yanaweza.

Tuchukue karatasi moja ya daftari. Imetungwa kwa ajili ya sura hii ili asitajwe mtoto wa mtu, lakini kila kosa lililomo ni la aina ambayo mwalimu wa hesabu amekutana nayo. Ubaoni kulikuwa na maswali sita ya kutoa. La kwanza, 503 − 278, mtoto amejibu 375. La pili, 640 − 215, amejibu 435. La tatu, 872 − 341, amejibu 531. La nne, 700 − 46, amejibu 746. La tano, 914 − 386, ameandika 672, akaikata kwa mstari, akaandika 528. La sita ni la maneno: mvuvi alipata kilo 405 za dagaa akauza kilo 168, zimebaki ngapi? Mtoto amejibu 318.

Anayesahihisha kwa haraka ataona amepata mawili kati ya sita, yaani la tatu na la tano, atageukia karatasi nyingine. Anayetazama majibu yenyewe ataona kitu tofauti kabisa. Katika 503 − 278, mtoto hakukopa. Kwenye kila safu alitoa tarakimu ndogo kutoka kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu: 8 toa 3 ni 5, 7 toa 0 ni 7, 5 toa 2 ni 3. Jibu 375. Fanya hivyo hivyo kwenye swali la pili, utapata 435. Kwenye la nne utapata 746, idadi kubwa kuliko ile aliyoanza nayo, na mtoto hakushtuka kwa sababu kanuni yake haikumwambia ashtuke. La tatu alilipata kwa kuwa tarakimu zote za juu ni kubwa kuliko za chini, kwa hiyo kanuni yake na kanuni ya mwalimu zinafika mahali pamoja. Vema ile nyekundu haina maana kwamba anajua kutoa.

Mtoto huyu hakisii. Anafuata utaratibu, tena bila kuyumba. Tatizo ni kwamba utaratibu wenyewe si sahihi. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi iliyojengwa juu ya wazo hilo hilo. Walitengeneza programu ya kompyuta waliyoiita BUGGY, iliyojifanya mwanafunzi mwenye kasoro moja katika kanuni yake ya kujumlisha au kutoa; kazi ya mwalimu ilikuwa kuangalia majibu yake mabaya na kuitambua kasoro hiyo. Kasoro ya mtoto wetu ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Lakini haiwezi kutambuliwa kwenye karatasi iliyoandikwa “amekosa” tu. Inahitaji zile 375, 435 na 746, tarakimu kwa tarakimu.

Swali la sita ndilo linaloonyesha kwamba hata kutunza jibu peke yake hakutoshi. Tukitumia kanuni ya mtoto kwenye 405 − 168 tunapata 363. Yeye ameandika 318. Je, ameacha kanuni yake? Ukirudi kwenye daftari utaona kwamba juu ya mstari hakuandika 405, ameandika 450. Alipogeuza macho kutoka ubaoni, tarakimu mbili zilibadilishana nafasi. Sasa jaribu tena: 8 toa 0 ni 8, 6 toa 5 ni 1, 4 toa 1 ni 3. Tumepata 318. Kwa hiyo makosa ni mawili, moja la kunakili na moja la kutoa, na tiba zake si moja: la kwanza huenda likaisha kwa kumsogeza dawati la mbele au kumpima macho.

Hapo ndipo mchapaji mwangalifu, hata yule aliyeagizwa asiguse majibu, huharibu bila kujua. Anaona swali limenakiliwa vibaya, ana swali sahihi mkononi, analiweka lile sahihi na kuacha 318 chini yake. Jibu limetunzwa, lakini limeshakuwa kitendawili, kwa maana hakuna kanuni inayoweza kuzaa 318 kutoka 405 na 168 kwa njia ya mtoto huyu. Kwa sababu hiyo nakala nzuri huandika swali mara mbili: lilivyokuwa ubaoni, na lilivyo daftarini.

Jibu lililokatwa nalo lina mahali pake. Wanaochapa maandishi ya kale kutoka kwenye mafunjo ya Misri walikumbana na shida hii zamani: mwandishi amefuta neno, je, mchapaji aliache au alitoe? Mwaka 1931 wataalamu walikubaliana mjini Leiden, Uholanzi, juu ya alama za pamoja. Kilichofutwa na mwandishi mwenyewe huwekwa ndani ya mabano mraba mawili mawili, na herufi isiyosomeka vizuri huwekewa nukta chini yake. Mwalimu wa Nyamagana anaweza kuazima alama ya kwanza bila kumuuliza mtu. Kukata kwa mstari kunakopatikana kwenye Word kunapendeza zaidi machoni, ila huweza kupotea maandishi yakinakiliwa kwenda mahali pengine, na 672 iliyokuwa imekatwa hurudi kuwa jibu halali. Mabano hayapotei. Kwa herufi au tarakimu yenye shaka, alama ya kuuliza ndani ya mabano inatosha, kwa kuwa nukta ya chini inasumbua kuipata kwenye kibodi.

Swali la tano, likichapwa hivyo, linakaa namna hii:

```
M-07          Swali la 5
Ubaoni:       914 - 386
Daftarini:    914 - 386
Vidogo juu:   hakuna
Jibu:         [[672]] 528
Mwalimu:      vema
```

Mstari wa “vidogo juu” huonekana wa ziada mpaka uelewe unachouliza. Mtoto anayekopa huandika tarakimu ndogo juu ya zile kubwa: 9 inakatwa inakuwa 8, 1 inakuwa 10 baada ya kukopa na kukopwa, 4 inakuwa 14. Hapa hakuna kitu juu. Ameandika 672, ambayo ndiyo kanuni yake ya siku zote, kisha akaikata na kuweka 528, jibu sahihi, bila hatua hata moja. Huenda alikopa kichwani. Huenda jicho lilitembea kwenda kwa jirani. Mchapaji haamui, kazi yake ni kuandika kwamba hakuna vidogo, na kwamba 672 ilitangulia.

Mstari wa mwisho, wa mwalimu, umetengwa kwa makusudi. Karatasi nyingi zinazofika kuchapwa zimeshasahihishwa, na kalamu nyekundu na penseli ya mtoto zimeingiliana. Nakala ikitolewa kwa kopi nyeusi, wino wa mwalimu na penseli ya mtoto vinakuwa rangi moja, na jibu sahihi aliloandika mwalimu pembeni linaonekana la mtoto. Kwa hiyo chapa kutoka kwenye karatasi yenyewe, si kopi yake.

Mtego mkubwa zaidi ni masahihisho. Shuleni kwetu mtoto aliyekosa huambiwa afanye masahihisho, na utaratibu mzuri ni kuandika kichwa hicho chini ya zoezi na kuyarudia maswali aliyokosa. Lakini wengi huchukua raba, wakafuta jibu baya, wakaandika lililo sahihi juu yake. Mchapaji anaona 225, anaichapa 225, na kosa limepotea. Dalili ni moja na haidanganyi mara nyingi: alama ya kosa ya mwalimu iko kando ya jibu sahihi. Palipo na hali hiyo, iinue karatasi kwenye mwanga wa dirisha, au iinamishe mwanga uje kwa ubavu. Penseli huacha mfereji hata baada ya weusi wake kuondoka, na 375 inaweza kusomeka chini ya 225. Isiposomeka, andika kwamba limefutwa na halisomeki. Kujaza kwa kukisia kwamba “lazima ilikuwa 375”, kwa kuwa kanuni ya mtoto inatabiri hivyo, ni kosa la mchapaji aliyeanza kufanya kazi ya mchambuzi.

Nafasi ya tarakimu ni sehemu ya jibu. Mtoto mwingine wa darasa hilo hilo ameandika 46 chini ya 700 kwa kuanzia kushoto, 4 chini ya 7 na 6 chini ya sifuri ya kwanza, akapata 360. Ukilichapa swali lake kwa mlalo, 700 − 46 = 360, hakuna atakayejua alikotoka. Ukilichapa kwa wima kama alivyolipanga, linajieleza: 7 toa 4 ni 3, 6 toa 0 ni 6, sifuri imeshushwa ilivyo. Hapa fonti ina kazi. Katika Times New Roman nafasi tupu ni nyembamba kuliko tarakimu, hivyo safu zinahama kila unapobonyeza kitufe cha nafasi. Courier New huipa kila herufi, tarakimu na nafasi tupu upana uleule, na safu zinakaa pale mtoto alipoziweka.

Baada ya mchapaji kufunzwa, bado kuna mrekebishaji mwingine asiyesikia maagizo, nayo ni programu yenyewe. Kwenye Word, kipengele (c) cha swali hugeuka alama ya hakimiliki, ©. Sehemu 1/2 inajigeuza ½ wakati 2/3 jirani yake inabaki ilivyo, na msomaji akadhani mtoto ndiye aliyeandika kwa mitindo miwili. Mtoto aliyeruka swali la nne akaandika 1, 2, 3, 5, 6 hupangiwa namba upya na orodha ya moja kwa moja, na swali alilolikimbia linatoweka pamoja na ukweli kwamba alilikimbia. Excel ni hatari zaidi. Ukiandika 3/4 kwenye kisanduku inageuka tarehe, 3 Aprili au 4 Machi kutegemea kompyuta ilivyopangwa, na 0.50 inapunguzwa kuwa 0.5. Dawa ni kuvipanga visanduku kuwa `Text` kabla ya kuandika chochote, au kutanguliza alama hii: `'3/4`. Kwenye Word, nenda `File`, `Options`, `Proofing`, `AutoCorrect Options`, uzime vyote kabla ya kuanza. Kuzima baada ya kumaliza hakurudishi kilichokwisha kubadilishwa.

Kwenye mazoezi ya Kiswahili mrekebishaji ni jicho la mchapaji mwenyewe. Kanda ya Ziwa watoto wengi huchanganya l na r, na mtoto anayeandika kwamba mjomba “arikura” samaki amempa mwalimu wake taarifa kuhusu sikio na ulimi wake. Msomaji wa kawaida huliona neno zima, hazioni herufi, naye anachapa “alikula” akiapa kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Maneno ya namna hiyo yachapwe herufi kwa herufi, ikiwezekana kutoka mwisho wa sentensi kurudi mwanzo, ili maana isipate nafasi ya kuongoza vidole.

Kukagua kunahitaji watu wawili. Mmoja anashika karatasi ya mtoto, mwingine nakala iliyochapwa, na wa kwanza anasoma tarakimu moja moja: tano, sifuri, tatu. Akisoma “mia tano na tatu”, ubongo wa msikilizaji unatengeneza namba nzima kabla jicho halijaitazama. Kisha kuna kipimo ambacho hakikosi kumfichua mchapaji mwenye huruma. Mwalimu ambaye hajaziona karatasi za awali apewe zile zilizochapwa, bila mstari wa mwalimu, azisahihishe. Mtoto aliyepata mawili kati ya sita lazima apate mawili tena. Akipata matatu, kuna mtu amemsaidia njiani. Kipimo hiki kina upungufu wake: hakigundui kosa lililogeuzwa kuwa kosa jingine, kwa mfano 375 iliyochapwa 357. Hilo hukamatwa na wale wawili wanaosomeana.

Majina hayachapwi. Mtoto anapewa alama kama hiyo M-07, na orodha inayounganisha alama na majina inabaki kwenye kabati la mwalimu, haiingii kwenye faili lile wala kwenye flashi inayoachwa steshenari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa taarifa za mtoto anayetambulika. Na hata kabla ya sheria, hakuna mzazi ambaye angefurahi kukuta 746 ya mwanawe, yenye jina lake, ikizungushwa kwenye kikao.

Kwa kijana wa steshenari, maagizo yanayotosha yanakaa juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa: chapa unachokiona, hata kama si sahihi, kilichokatwa kiweke kwenye mabano, usichokisoma usikikisie, niulize. Mwalimu mwenye busara huchapa karatasi moja mwenyewe kama kielelezo, kisha hukaa pale mpaka kijana amalize ya pili.

Zikishakamilika, karatasi 80 zilizochapwa kwa mpango mmoja zinaweza kusomwa kwa upande: swali la kwanza la watoto wote, halafu la pili. Walioandika 375 watakaa kundi moja, nao wanahitaji somo la kukopa kuanzia kwenye vifungu vya makumi na mamoja. Waliopata 360 kwenye swali la nne wanahitaji daftari la miraba na mwalimu wa kuwaonyesha 6 inakaa wapi. M-07 ana kundi lake, lakini ana pia ile 528 isiyo na vidogo juu, na kwa hiyo mwalimu anamwita peke yake wakati wa mapumziko, bila jirani, na kumpa swali jipya: 823 − 457. Akiandika 434, ile 528 huenda ilikuwa ya jirani. Akiandika 366, aulizwe amefikaje, kwa sababu basi kati ya 672 na 528 alijifunza kitu ambacho hakukiandika.